Pete ya Rimu na Kizimba cha Upepo

Apitaye barabara itokayo Mwanza mjini kwenda Musoma, akafika pande za Nyakato na Igoma, aghalabu hamkosi fundi pancha aliyelikalia tairi la lori kama akaliaye kigoda, ilhali kompresa inanguruma na upepo unaingia. Nami katika kazi zote za ufundi huu sijui iliyo ya hatari kuliko kikao hicho.

Tulitwae tairi la 12.00R20, lenye tyubu, la lori lichukualo pamba. Rimu yake si kipande kimoja: upande mmoja tairi huzuiwa na pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, nayo hukaa katika mfereji wake kwa kubana tu, bila parafujo. Ukilijaza pauni 100 kwa kila inchi ya mraba, upepo husukuma ubavu nje. Na kwa hesabu ya kadiri, tukipima eneo lililo baina ya ukingo wa rimu, inchi 10 kutoka kitovuni, na pale tairi lilipo pana kupita kote, inchi 16 hivi, twapata inchi 490 za mraba, yaani msukumo wa pauni 49,000, au tani 22, ulioielemea pete ile.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya upepo. Mfereji husuguliwa kwa brashi ya waya hata kutu iishe, na pete iliyopinda hutupwa, hainyoshwi kwa nyundo. Kisha kingo za tairi, pamoja na tyubu na flapa, hupakwa utando mwembamba wa sabuni ya tairi iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Ukingo mkavu hukwama njiani. Fundi, akidhani upepo haujatosha, huongeza, mpaka ukingo uruke ghafla na waya zilizomo zikatike. Grisi huteleza vema, lakini huula mpira, wala haikauki, hata tairi likazunguka juu ya rimu na kuing'oa valvu.

Nje ya kizimba hutiwa upepo kidogo tu, kiasi cha kuikalisha pete. Ikiwa haikukaa, upepo wote hutolewa na kazi huanza upya. Kuigonga ilhali tairi lina upepo ni kuitafuta mauti.

Ndipo tairi huingizwa kizimbani. Wako wasemao mnyororo watosha, lakini mnyororo hulegea. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1980 yataka kizimba kihimili mara moja na nusu ya upepo wa juu kabisa wa tairi, na bado chuma hicho hakiuzuii mlipuko, huipokea pete tu. Upepo wenyewe hupenya baina ya nondo, na kwa sababu hiyo mpira wa kompresa hutakiwa uwe mrefu, wenye kibanio kinachoshika valvu chenyewe, na kipimo kiwe mkononi mwa fundi aliyesimama kando.

Tyubu hujazwa, ikatolewa upepo, ikajazwa tena ili mikunjo ijinyoshe. Mwishoni hutazamwa ule mstari mwembamba uzungukao tairi karibu na rimu: ukiwa mbali na chuma upande huu na karibu upande ule, ukingo haujakaa, na tairi halitoki kizimbani mpaka upepo wote uwe umetoka.