Siri ya sosiete inafika wapi? Rejista ya nguzo ine

Wandugu, huku kwetu Nyangwe delege mmoja wa wafanyakazi alikaa kimya miezi mingi. Alikuwa na matokeo ya kupima maji ya kisima, lakini alisema: «Nilitia saini ya kutunza siri, siwezi kumuonyesha hata avoka.» Tulisoma ile karatasi pamoja. Avoka alikuwa ndani ya wale wenye kuruhusiwa, kifungu cha 5.

Tangu siku ile sendika inatayarishia msaidizi wa avoka rejista. Kila mapatano ya siri iko na mstari wake na nguzo ine, na kila neno linaandikwa pamoja na namba ya kifungu chake.

Ya kwanza ni wenye kupatana. Andika jina lote la sosiete, tena nani alitia saini na kwa cheo gani. Je, delege alisaini kwa jina lake mwenyewe ao kwa jina la sendika? Jibu linaonyesha nani atashitakiwa.

Ya pili ni muda, na hapa kuna saa mbili. Karatasi yetu ilianza tarehe 1 Aprili 2022 kwa miaka miwili, basi iliisha 31 Machi 2024. Lakini kifungu cha 9 kinasema siri inaendelea miaka mitatu nyuma ya mwisho. Andika tarehe zote mbili: siri inabaki mpaka 31 Machi 2027. Mwenye kuandika ile ya kwanza tu atasema siri imekufa, kumbe ingali hai.

Nguzo ya tatu na ya ine ndizo zinachanganya watu. Ruhusa ni habari inayobaki siri, lakini unaweza kumwambia mtu fulani kwa masharti: avoka wako, ao tribinali ikikulazimisha, nyuma ya kujulisha sosiete kwa barua. Visivyo siri ni habari ambayo mapatano haiifungi kabisa: ile uliyoijua mbele ya kusaini, ao iliyokwisha kutangazwa bila kosa lako. Kwa mufano, dekre namba 011/26 ya 20 Mei 2011 inaomba kontra za mali asili zitangazwe ndani ya siku 60. Kontra iliyotangazwa hivyo inaingia nguzo ya ine.

Ukitaka kujua kama umekosea, jiulize: naweza kuisema sokoni? Kama ndiyo, ni nguzo ya ine. Kama ni kwa mtu mmoja tu, ni ya tatu. Matokeo ya maji ilikuwa ya tatu: kwa avoka ndiyo, kwa redio hapana.

Na kama karatasi haisemi kitu, andika «haikusemwa». Usiache nafasi wazi, juu msaidizi atafikiri ulisahau kusoma.

Delege wetu alipeleka matokeo kwa avoka juma ileile.