Upepo wa tairi na hatari ya gari kuelea juu ya maji barabara ya Karatu–Ngorongoro

Madereva wanaotoka Hifadhi ya Ngorongoro kuelekea Karatu wakati wa masika wanapaswa kukagua upepo wa tairi wafikapo Lango la Lodoare, mahali barabara ya changarawe inapokutana na lami.

Ndani ya hifadhi, dereva anaweza kupunguza upepo ili tairi litanuke na kushika vyema kwenye tope. Upepo huohuo mdogo huwa hatari kwenye lami iliyotuama maji.

Tairi linapozunguka kwenye lami yenye maji, kashata zake huyapitisha maji pembeni ili mpira uguse barabara. Mwendo ukizidi, maji hukosa muda wa kutoka, hujikusanya mbele ya tairi na kulisukuma juu. Kinachozuia tairi lisinyanyuliwe ni msukumo wa upepo uliomo ndani yake.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa Shirika la Anga la Marekani (NASA) walibaini kuwa mwendo ambao tairi huanza kuelea, kwa kilomita kwa saa, ni takribani 16.7 mara kipeuo cha pili cha upepo uliopimwa kwa psi. Kwa tairi lenye psi 36, kipeuo ni 6, hivyo mwendo huo ni takribani kilomita 100 kwa saa. Upepo ukishushwa hadi psi 25, kipeuo ni 5, na mwendo hushuka hadi takribani kilomita 83.

Kanuni hiyo hutumika pale kina cha maji kinapozidi kina cha kashata. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata za takribani milimita 8, hivyo maji ya milimita 3 hupata njia ya kutokea. Tairi lililobaki na milimita 1.6 huzidiwa na maji hayohayo. Vituta vidogo vilivyomo ndani ya mifereji ya tairi vikilingana na kashata, kina kimefikia milimita 1.6.

Hata hivyo, kuzidisha upepo kuliko kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida kwenye fremu ya mlango wa dereva, si suluhisho, kwani hupunguza eneo la tairi linalogusa barabara. Aidha, hesabu hiyo ni makadirio. Gari linaweza kupoteza mshiko mapema zaidi.

Dalili za gari kuelea ni usukani kuwa mwepesi ghafla na injini kuongeza mzunguko bila gari kuongeza mwendo. Dereva anatakiwa kuachia mafuta taratibu, kushikilia usukani ukiwa umenyooka na kuepuka kukanyaga breki kwa nguvu hadi tairi ziguse tena lami. Akikata kona gari likiwa bado linaelea, tairi zitakaposhika zitalivuta ghafla kuelekea upande zilikogeuzwa.