Karatasi ya alama 27

Nilipowarudishia jaribio la historia, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni bila kuisoma. Alikuwa na alama 27. Sikumwita ofisini, maana huko mtoto hujibu "ndiyo mwalimu" tu. Nilimwandikia.

"Mwanangu, ikunjue hiyo karatasi. Swali la insha liliuliza sababu za Vita vya Maji Maji. Wewe umeandika ukurasa na nusu juu ya Kinjikitile wa Ngarambe, dawa yake, kunyongwa kwake Agosti 1905 na njaa iliyofuata vita. Ni kweli yote, ila mengi hayakuulizwa. Katika alama 20 umepata 4, zote za mstari mmoja uliotaja pamba. Usiniambie basi kwamba huna kumbukumbu.

"Tuukamilishe mstari huo. Uliandika kuwa Wajerumani waliwalimisha watu pamba. Haya, ikawaje? Mkulima wa Umatumbi aliitwa kwenye shamba la pamba wakati shamba lake la chakula lilikuwa likimsubiri. Malipo yalikuwa kiduchu, na kodi ilidaiwa vilevile. Ndiyo maana Julai 1905 watu walianza kwa kung'oa pamba. Hapo umeeleza sababu. Hata dawa ni hoja, ukisema kwamba iliwaunganisha watu waliokuwa hawana mtawala mmoja.

"Jaribio la marudio ni baada ya wiki tatu. Najua nyumbani kuna maji ya kuchota na mdogo wako wa kulea, kwa hiyo naomba dakika 40 tu, hapahapa shuleni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mada ni mbili: Maji Maji na uchumi wa kikoloni. Soma dakika 15, kisha funga daftari uandike unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kwa Kiswahili. Fungua daftari, na ulichosahau kiongeze kwa kalamu nyekundu. Mwisho chukua hoja mbili uzigeuze kuwa Kiingereza cha mtihani, kwa sentensi fupi. Ijumaa usisome kipya. Jikumbushe yale mekundu. Wiki ya tatu utaandika insha mbili kwa saa, na nitazisahihisha.

"Siku za kwanza karatasi itabaki nyeupe na utatamani kuchungulia daftari. Vumilia dakika tano kwanza. Ukirudia kusoma tu, maneno yanakuzoea, nawe unadhani unayajua. Nadhani hivyo ndivyo ulivyojiandaa safari hii. Wekundu usipopungua kufikia Jumatano ya pili, niambie. Tutaacha mada moja.

"Sikuahidi 80. D huanza kwenye 30 na C kwenye 45. Sisi tulenge 40. Jumatatu baada ya kipindi cha mwisho nitakuwa darasani. Njoo na karatasi hiyohiyo, na mikunjo yake."