Begi la Mgongoni: Likague Kabla Hujalipa

Wauzaji wa mabegi Kariakoo huyajaza makaratasi ili yasimame wima na kupendeza. Mwombe muuzaji ayatoe. Begi tupu halifichi kitu.

Tuseme unapanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Posta kila asubuhi, na unabeba kompyuta ya inchi 15, chakula cha mchana, chupa ya maji na mwavuli. Lita 20 hadi 25 zinakutosha. Kama lebo haitaji lita, chukua rula: urefu sm 45, upana sm 30 na kina sm 15, zidisha kisha ugawe kwa 1,000, utapata lita 20 na ushee. Begi la lita 40 ni la safari ya siku tatu au nne. Ndani ya basi lililofurika litakuwa ugomvi na abiria wenzako.

Sasa shika mikanda. Bonyeza sponji kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole vikikaribia kugusana, sponji hiyo italala mapema na mkanda utakukata bega. Lakini mikanda mingi huharibikia pale inaposhonewa kwenye begi, si kwenye sponji. Geuza begi utazame ndani. Mshono mmoja ulionyooka hautoshi. Tafuta uzi uliorudiwa mara kadhaa, au mraba wenye alama ya X katikati yake.

Zipu ndiyo inayoua mabegi mengi. Ifungue na kuifunga ukiwa umeijaza kona, maana zipu hukwama kwenye kona. Nyuma ya kichwa cha zipu mara nyingi pana namba: 5 ni nyembamba, 8 au 10 ni nene na hufaa zaidi mfuko mkuu. Herufi YKK ni za kampuni ya Kijapani inayoheshimika kwa zipu, ila huigwa sana, kwa hiyo zisikuzuie kujaribu. Na zipu ikianza kuachia nyuma ya kichwa huku meno yakiwa mazima, usilitupe begi. Aghalabu kichwa ndicho kilichotanuka, na fundi hubadilisha hicho tu.

Kuhusu mvua, maneno “haliingizi maji” yachukue kwa tahadhari. Kitambaa hupakwa utando kwa ndani, lakini maji hupenya kwenye zipu na matundu ya sindano. Zipu iliyofunikwa na ukingo wa kitambaa husaidia. Kwenye mitumba, pitisha kiganja ndani: ukikuta kunanata au kunabanduka vigamba, utando umekwisha, hata kama nje begi linang’aa.

Bajeti ikibana, lipia mshono na zipu. Masika yakifika, kompyuta itie kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji, hata kama begi ni la bei mbaya.