Maji ya sahani yamekwenda wapi? Somo la mzunguko wa maji kwa Darasa la Tatu

Walimu wengi wa Darasa la Tatu huanza kufundisha mzunguko wa maji kwa mchoro ubaoni: ziwa chini, jua pembeni, mawingu juu, na mishale inayozunguka. Watoto huunakili vizuri, na mtihani ukija huuchora tena. Lakini mwulize mmojawao nguo iliyoanikwa hukaukaje, naye atakuambia maji yamedondoka chini yakaisha. Mchoro umeingia kwenye daftari, mawazo yake yamebaki palepale.

Ugumu wa somo hili uko mahali pamoja, nako ni pale maji yanapokuwa hewani bila kuonekana. Mvua mtoto anaiona, mto anauona, wingu analiona. Kati ya dimbwi na wingu hakuna cha kuona, na mtoto wa miaka minane au tisa hakubali kirahisi kwamba kitu asichokiona bado kipo. Andalio zuri la somo hili hulizunguka tatizo hilo moja. Hapa nalieleza kwa kufikiria shule ya kawaida ya Mwanza, yenye darasa lililojaa na isiyo na maabara.

Kazi huanza asubuhi, kabla ya kipindi. Mwalimu huchukua sahani mbili za bati zinazofanana na kutia katika kila moja kijiko kimoja cha chakula cha maji. Moja huiweka juani, nyingine kivulini. Wengi hupenda kutumia dimbwi la uwanjani, lakini dimbwi lina kasoro: likikauka, mtoto atasema ardhi imekunywa maji, na kwa kiasi fulani atakuwa anasema kweli. Bati halinywi maji. Juu ya kila sahani tandika kipande cha chandarua, maana bila hivyo mtu atasema kuku wamekunywa, na hutakuwa na jibu la kumpa. Jua likiwa kali, sahani ya juani hukauka kwa muda wa kama saa moja, huku ya kivulini ikiwa bado na maji. Siku ya mawingu, panga somo lingine.

Kipindi kikianza, watoto huzizunguka sahani zote mbili, huzigusa, hugeuza ile kavu na kuangalia chini yake. Ndipo mwalimu anauliza: maji yamekwenda wapi?

Hapa ndipo masomo mengi huharibika. Mwalimu akiuliza, “Maji yamekauka, sivyo?” darasa zima litaitika “Ndiyooo,” naye hatajua nani ameelewa nini. Swali linalofaa ni lile lisilojibika kwa kuitikia. Tena anayeuliza hana budi kusubiri. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu wa sayansi huwapa wanafunzi kujibu, akakuta ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi tano.

Majibu utakayopata yatafanana na haya.

“Mwalimu, jua limeyanywa.”

“Haya. Na wewe?”

“Yameisha, Mwalimu.”

“Yameingia kwenye sahani.”

Usimsahihishe yeyote bado. Yaandike yote matatu ubaoni, kisha uliza swali la pili: tufanye nini ili tujue nani yuko sahihi? Mtoto mmoja atataka sahani ipimwe kwenye mizani, mwingine atasema tuifunike. Huyo wa kufunika ndiye atakayekupeleka kwenye kielelezo.

Kielelezo chenyewe kinahitaji beseni la plastiki angavu au bakuli la kioo, kikombe kifupi kizito, nailoni angavu ile ya kujalidia madaftari, kamba ya mpira, na barafu kidogo iliyofungwa vizuri ndani ya kifuko. Badala ya maji matupu, tumia chai ya rangi ya moto isiyo na sukari, kutoka kwenye chupa ya chai. Weka kikombe kitupu katikati ya beseni na umimine chai pembeni mpaka ifike chini kidogo ya nusu ya kikombe. Kumimina ni kazi ya mwalimu peke yake, na watoto wasimame hatua mbili nyuma. Funika kwa nailoni iliyolegea kidogo, ikaze ukingoni kwa mpira, kisha weka kifuko cha barafu katikati, juu kabisa ya kikombe, ili nailoni ibonyee kuelekea hapo.

Dakika chache tu na upande wa ndani wa nailoni huota ukungu. Ukungu hugeuka matone, matone huteremka kuelekea pale palipobonyea, na baada ya kama dakika kumi hadi ishirini huanza kudondoka kikombeni. Waache watoto watabiri kabla hujafunua: maji ya kikombeni yatakuwa na rangi gani? Wengi watasema rangi ya chai. Ukifunua, utakuta maji yasiyo na rangi.

Mtoto makini atasema matone hayo ni barafu iliyopenya kwenye nailoni. Kwa ajili yake, tayarisha tangu mwanzo beseni la pili lenye kikombe, nailoni na barafu vilevile, ila bila chai. Humo hakuna kitakachodondoka kikombeni. Ukiliacha beseni hili, hoja ya mtoto itabaki imesimama, naye ana haki ya kuishikilia.

Jambo jingine la kuwaonyesha ni ule weupe unaopanda juu ya chai. Watu wengi, hata wazima, huuita mvuke. Ukitazama karibu kabisa na mdomo wa birika linalochemka, utaona nafasi ndogo ambapo hakuna kitu, na weupe huanza mbele yake. Mvuke wenyewe uko kwenye ile nafasi na hauonekani. Weupe ni matone madogo mno yaliyokwisha kupoa, na wingu nalo ni matone ya namna hiyo.

Kielelezo hiki kina kasoro ambayo lazima itajwe darasani. Kina mfuniko, ilhali anga haina. Usiposema, watoto wataondoka wakidhani juu kuna paa ambalo maji hugonga na kurudi. Waambie kwamba hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani wa nyuzi sita hivi kila kilomita, na kwamba theluji ya kilele cha Kilimanjaro ni ushahidi wa ubaridi huo. Huko juu mvuke hugeuka matone kwa kung’ang’ania chembe za vumbi zilizomo hewani.

Kwa watoto wa Mwanza, malizia kwa kuwapeleka dirishani wakatazame ziwa. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria, kama asilimia 80, si ya mito bali ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka hupanda hewani, hayaendi Mto Nile. Asilimia si za kukaririshwa darasa hili. Inatosha wajue kwamba kilichotokea kwenye sahani hutokea kila siku kwenye ziwa wanaloliona.

Kwa tathmini, wape karatasi tupu badala ya mchoro wa kujazia, na kila mmoja achore safari ya maji ya sahani yake. Angalia mahali pamoja tu, kati ya sahani na wingu. Aliyeruka hapo bado hajaelewa, hata kama ameandika “uvukizaji” kwa herufi nzuri, na arudishwe kwenye beseni. Aliyechora mshale na kuandika kwamba maji yapo hewani ila hatuyaoni, mpe alama zote.