MSTARI ULIOLAINISHWA: UNAONYESHA NINI, NA UNAFICHA NINI?

Katika zahanati nyingi huwekwa ukutani karatasi iliyochorwa mstari unaopanda na kushuka. Chini ya karatasi zimeandikwa siku. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, imeandikwa idadi ya wagonjwa. Mstari ukipanda, wagonjwa wameongezeka. Ukishuka, wamepungua.

Wewe mwanakijiji wa Sola unaweza kuusoma mstari huo. Ukiwa mjumbe wa kamati ya afya, ni lazima uusome. Lakini kuna mistari ya aina mbili, na watu wengi hawajui tofauti yake. Mmoja unaonyesha idadi ya kila siku kama ilivyo. Mwingine umelainishwa. Leo tutaeleza jinsi mstari unavyolainishwa, na kwa nini unaweza kutudanganya wakati wa kipindupindu.

Kwa nini mstari hulainishwa?

Tuchukue mfano. Tuseme zahanati imeandika wagonjwa wa kuharisha kwa wiki moja hivi: Jumatatu 9, Jumanne 5, Jumatano 4, Alhamisi 6, Ijumaa 3, Jumamosi 1, Jumapili 0. Ukichora idadi hizo, mstari utakuwa na meno kama msumeno. Jumatatu unaruka juu, Jumapili unaanguka chini.

Je, maradhi hupumzika siku ya Jumapili? Hapana. Watu ndio hawaendi zahanati siku hiyo. Aliyeanza kuharisha Jumamosi jioni huvumilia mpaka Jumatatu. Kwa hiyo meno yale yanatueleza siku ambazo watu hutembea kwenda zahanati. Hayatuelezi ugonjwa wenyewe. Ili kuyaondoa, tunatafuta wastani.

Wastani ni kama kugawana maji. Chukua ndoo saba zenye maji, nyingine imejaa, nyingine ina kidogo. Mimina zote katika pipa moja, kisha uyagawe maji yale sawasawa katika ndoo zile saba. Kiasi kilichomo sasa katika kila ndoo ndicho wastani.

Katika mfano wetu, jumla ya wagonjwa wa siku saba ni 28. Gawa kwa 7, unapata 4. Basi wastani wa wiki ile ni wagonjwa 4 kwa siku.

Jumatatu inayofuata wanakuja wagonjwa 16. Sasa tunasogea mbele siku moja. Tunaitoa Jumatatu ya zamani yenye wagonjwa 9, na tunaingiza Jumatatu mpya yenye 16. Jumla inakuwa 35. Gawa kwa 7, unapata 5. Kesho yake tunaitoa Jumanne ya zamani na kuingiza Jumanne mpya, na kuendelea hivyo kila siku. Huu huitwa wastani unaosogea. Ukichora wastani huo, meno yanakwisha na mstari unakuwa laini.

Angalia pia kwamba tumechukua siku saba. Hatukuchukua tano wala sita. Katika siku saba zinazofuatana, daima kuna Jumatatu moja na Jumapili moja. Ukichukua siku tano, mara Jumapili itakuwemo na mara haitakuwemo, na meno yatarudi.

Wastani umeficha nini?

Sasa rudi nyuma kidogo, utazame tena ile Jumatatu ya pili. Walikuja wagonjwa 16, na Jumatatu iliyotangulia walikuwa 9. Hilo ni ongezeko kubwa. Lakini mstari laini umepanda kutoka 4 hadi 5 tu. Mtu anayetazama mstari laini peke yake atasema, “Hakuna jambo.”

Sababu ni rahisi. Siku moja mbaya imemiminwa katika pipa pamoja na siku sita za kawaida. Ubaya wake umegawanywa kwa saba.

Kwa kuharisha kwa kawaida, pengine kuchelewa siku chache si hatari kubwa. Kwa kipindupindu ni hatari. Ugonjwa huu unaweza kumaliza maji ya mwili na kumwua mtu katika muda wa saa chache asipotibiwa. Nasi wa Simiyu hatuujui kwa kusikia tu. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 ulizuka katika mkoa wetu.

Mfano wa London, mwaka 1854

Ili kuona jinsi wastani unavyoweza kudanganya, tutazame mlipuko mmoja ambao hesabu zake za kila siku zimehifadhiwa. Ulitokea mwaka 1854 katika mji wa London, Uingereza, katika mtaa wa Soho. Wakati huo mji ule mkubwa ulikuwa na shida tunayoijua sisi: watu walichota maji katika visima vya pampu za mkono, na mashimo ya uchafu yalikuwa karibu na visima.

Pampu moja ilikuwa katika barabara iitwayo Broad. Karibu na kisima chake kulikuwa na shimo la uchafu lililovuja. Katika nyumba ya jirani mtoto mchanga aliharisha, na maji yaliyofulia nepi zake yakamwagwa katika shimo hilo. Uchafu ukaingia kisimani.

Daktari mmoja, John Snow, alifuatilia waliokufa na mahali walipochota maji. Aliona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu ile. Tarehe 7 Septemba aliwaeleza viongozi wa mtaa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ulitolewa, na watu hawakuweza tena kuchota maji hapo.

Daktari Snow aliandika pia ni watu wangapi walishikwa na ugonjwa kila siku, kati ya wale ambao hatimaye walikufa. Hapa chini tumeweka baadhi ya siku hizo. Idadi ya kwanza ni ya walioshikwa siku ile. Ya pili ni wastani wa siku saba zinazoishia siku ile, nasi tumeukadiria kwa idadi nzima.

31 Agosti: walishikwa 56, wastani 10
1 Septemba: walishikwa 143, wastani 30
2 Septemba: walishikwa 116, wastani 47
4 Septemba: walishikwa 46, wastani 61
6 Septemba: walishikwa 20, wastani 67
8 Septemba: walishikwa 12, wastani 45

Soma polepole, siku moja baada ya nyingine.

Tarehe 31 Agosti walishikwa watu 56. Siku iliyotangulia walishikwa 8 tu. Hiyo ndiyo siku ya kupiga mbiu. Lakini wastani unasema 10, kama kwamba ni jambo dogo.

Kilele cha kweli kilikuwa tarehe 1 Septemba, watu 143. Baada ya hapo idadi ya walioshikwa ilipungua. Lakini wastani uliendelea kupanda mpaka tarehe 6, kwa sababu siku mbaya za nyuma zilikuwa bado zimo katika pipa. Siku hiyo walishikwa watu 20 tu, na mstari laini unaonyesha ndiyo siku mbaya kuliko zote!

Sasa itazame tarehe 8, siku ya kutoa mpini. Tarehe 7 wastani ulikuwa 63. Tarehe 8 ukaanguka hadi 45. Anayetazama mstari laini atasema, “Tazameni! Mpini umetolewa, na siku ile ile ugonjwa umeanguka.” Je, ni kweli? Si kweli. Wastani ulianguka kwa sababu tarehe 1, yenye watu 143, ilitoka katika pipa siku hiyo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umepungua siku nyingi kabla. Watu wengi walikuwa wameuhama mtaa, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Daktari Snow mwenyewe alilikubali jambo hilo. Aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umepungua sana kabla ya mpini kutolewa, hata haikuwezekana kujua kama kisima kilikuwa bado na sumu.

Usidhani kwamba kutoa mpini kulikuwa kazi bure. Siku ile ile, tarehe 8, baba wa yule mtoto mchanga alishikwa na kipindupindu katika nyumba ile ile iliyo karibu na kisima. Kama pampu ingekuwa bado inatumika, uchafu wake ungeweza kuanzisha mlipuko wa pili. Kazi ilikuwa njema, ila ushahidi wake hauwezi kutoka katika mstari laini.

Tufanye nini na mstari laini?

Usiutupe. Unafaa kwa kazi yake. Ukitaka kujua kama malaria imeongezeka baada ya mvua, mstari laini ni mzuri. Mbu huhitaji majuma kadhaa kuzaana na kueneza ugonjwa, na malaria hupanda polepole. Meno ya Jumatatu na Jumapili yangekusumbua bure.

Lakini ukiona mstari laini, uliza mambo matatu.

Kwanza, uliza ni wastani wa siku ngapi. Wastani wa siku saba zilizopita huchelewa kiasi cha siku tatu. Wastani wa siku nyingi zaidi huchelewa zaidi.

Pili, uliza ziko wapi idadi za kila siku. Karatasi nzuri huonyesha vyote viwili: nukta za kila siku, na mstari laini ukipita katikati yake. Nukta moja ikiruka mbali juu ya mstari, usingoje mstari uifuate. Ilinganishe na siku kama hiyo ya wiki iliyopita, Jumatatu kwa Jumatatu, kisha uliza wagonjwa wale wametoka kitongoji gani na wanachota maji wapi.

Tatu, mstari ukianguka ghafula, tazama ni siku gani imetoka katika hesabu. Huenda leo hakuna jipya, ila siku kubwa ya wiki iliyopita imetoka.

Na kwa kipindupindu, usitafute wastani kabla ya kutoa habari. Mgonjwa mmoja tu anayeshukiwa lazima aripotiwe ndani ya saa 24. Mtu akiharisha maji mengi meupe kama maji ya mchele, mpe maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini, na mpeleke zahanati mara moja.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa siku saba zahanati ilipata wagonjwa wa kuharisha 2, 3, 2, 1, 3, 2 na 1. Wastani ni ngapi? Siku ya nane wanakuja 9. Wastani mpya ni ngapi?

2. Kati ya ile 9 na wastani mpya, ni ipi ungeipeleka kwanza kwa kamati ya afya? Kwa nini?

3. Wagonjwa wale 9 wakiwa wote wanachota maji katika kisima kimoja, mtafanya nini siku hiyo hiyo?

(Majibu ya hesabu ya swali la 1: wastani wa kwanza ni 2, wa pili ni 3.)