Mfuko Unaopata Moto kwa Kuganda

Ndani ya mfuko wa kupashia mikono kuna kimiminika kiang'avu na kisahani chembamba cha chuma. Ukikibonyeza kisahani, weupe huanzia hapo na kuenea mfuko mzima kwa sekunde chache. Mfuko hukakamaa na kupata moto.

Kimiminika hicho ni asetati ya sodiamu, chumvi ipatikanayo kwa kuchanganya siki na magadi, pamoja na maji yanayoingia katika fuwele zake. Fuwele hizo huyeyuka kwenye nyuzi 58 za Selsiasi. Basi katika chumba chenye nyuzi 20 kilipaswa kuwa kimeganda zamani, ila kimekosa pa kuanzia.

Fuwele huanza pale chembe chache zinapokutana kwa mpangilio unaotakiwa. Kikundi kikiwa kidogo mno, chembe zake nyingi ziko ukingoni, hazijashikwa pande zote, kwa hiyo husambaratika upesi. Kikivuka ukubwa fulani, kila chembe inayojiunga hukiimarisha. Hapo kimekuwa kiini, na hakuna tena kinachozuia kuganda. Katika chumvi hii kiini hakijitokezi chenyewe kwa urahisi, ndiyo maana mfuko hukaa miezi ukiwa majimaji. Kuhusu kisahani, maelezo yanayotolewa sana ni kwamba nyufa zake nyembamba hubana mabaki madogo ya fuwele, na kukikunja huyaachia. Punje moja ya fuwele ikidondoshwa katika kimiminika kama hicho huleta matokeo yale yale.

Joto linatoka wapi? Chembe zilizokuwa zikitangatanga zinaposhikana ndani ya fuwele, nishati iliyotumika kuzitenganisha wakati wa kuyeyusha hurudi. Mfuko wenye gramu 100 hutoa takriban kilojuli 26 ukiganda wote. Kuupandisha kutoka nyuzi 20 hadi 58 huchukua kama kilojuli 11 tu. Kwa hiyo mara baada ya kubonyeza, chini ya nusu ndiyo imeganda, ingawa mfuko unaonekana mweupe kote. Joto haliwezi kupita 58, maana hapo fuwele zingeanza kuyeyuka tena. Sehemu iliyobaki huganda polepole kadiri mikono yako inavyochukua joto, na hilo ndilo linaloufanya mfuko ukae na moto kwa muda badala ya kupoa mara moja.

Kuutumia tena, uchemshe ndani ya maji, ukiwa umezungushiwa kitambaa ili plastiki isiguse kitako cha sufuria. Kabla ya kuutoa, uangalie kwenye mwanga, hasa pembeni kwenye mishono. Ikibaki fuwele hata moja, mfuko utaanza kuganda wenyewe mara tu utakapopoa chini ya nyuzi 58, na joto lote litapotelea mezani. Ukiona hivyo, urudishe jikoni uchemke zaidi.